Maneno ya Ufunguzi ni ya Maharusi, Si ya Mfungishaji Ndoa

Katika ndoa ya kiserikali kuna dakika chache, baada ya wageni kukaribishwa na kabla ya tamko la kisheria, ambapo mfungishaji ndoa hueleza ndoa ina maana gani kwa wawili waliosimama mbele yake. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sehemu inayoharibiwa mara nyingi zaidi katika sherehe nzima, na huharibiwa na watu wenye nia njema kabisa. Wafungishaji wengi huitumia kueleza ndoa wanavyoiona wao: kwamba ni safari, kwamba ni uvumilivu, kwamba upendo hushinda yote. Hakuna ubaya katika maneno hayo, ila yakisomwa katika harusi nyingine wiki ijayo, kwa watu wengine kabisa, hakuna atakayegundua tofauti. Hapo maharusi wamefunguliwa sherehe yao kwa maneno yasiyowahusu.

Ni vizuri kukumbuka kwamba kazi ya kueleza ndoa ni nini kwa watu wote imekwisha kufanywa na sheria, na sheria huifanya kwa ufupi ambao mfungishaji hawezi kuushinda. Nchini Ufaransa, ofisa anayefungisha ndoa huwasomea maharusi vifungu vya Sheria ya Kiraia, kikiwamo kifungu cha 212 kinachosema kwamba wanandoa wanawiana heshima, uaminifu, msaada na kufaana. Nchini Australia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1961 inamtaka mfungishaji wa kiraia awakumbushe maharusi uzito wa uhusiano wanaouingia, na aseme kwamba ndoa, kwa sheria ya nchi hiyo, ni muungano wa watu wawili bila kumhusisha mwingine yeyote, wanaouingia kwa hiari na kwa maisha yao yote. Uingereza huwataka maharusi wenyewe watamke kwamba hawajui kizuizi chochote cha kisheria, na inakataza sherehe hiyo isigeuzwe ibada, kwa hiyo mfungishaji anayechomeka aya ya kitabu kitakatifu katika ufunguzi wake anajiingiza katika matatizo.

Maneno hayo ya kisheria hayana hiari. Maneno ya ufunguzi, kwa upande wake, hayana uzito wowote kisheria. Yangeachwa kabisa na ndoa bado ingekuwa ndoa. Kwa kuwa sheria imeshasema ndoa ni nini kwa kila mtu, kilichobaki cha kusema ni kile ambacho sheria haiwezi kukijua, yaani ni nini kwa hawa wawili. Mfungishaji anayeanza kufafanua ndoa kwa jumla anarudia kazi ya sheria, tena kwa maneno mengi zaidi na yenye nguvu ndogo zaidi.

Kuna mtego mmoja hapa ambao wengi huukanyaga bila kujua. Maelezo ya maharusi na tamko la sheria husikika moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu mmoja, na wageni huyapokea kama hotuba moja. Wapo maharusi wanaosema, kwa ukweli wao wote, kwamba kwao ndoa ni kuwa pamoja maadamu bado wanapendana. Mfungishaji akiliweka hilo katika ufunguzi, kisha dakika moja baadaye akatamka kwamba ndoa ni ya maisha yote, ukumbi unasikia sherehe ikijipinga yenyewe. Dawa yake si kuwanyamazisha maharusi wala kulilainisha tamko, kwa sababu hilo la pili halina ruhusa. Dawa ni kuwasomea tamko hilo mapema, katika kikao cha kwanza, na kuwauliza wanaposimama karibu nalo na wanapolihofia. Nimeona watu wakifika katika jibu zuri kuliko la mwanzo: kwamba kwao maisha yote si utabiri, ni nia wanayoiingia nayo. Jibu la namna hiyo linaweza kusomwa mbele ya sheria bila kugongana nayo.

Sasa, hayo majibu hupatikanaje? Hayapatikani kwa kuwauliza maharusi, wakiwa wamekaa bega kwa bega, ndoa ina maana gani kwao. Swali hilo likiulizwa hivyo huleta sifa tupu: yeye ni rafiki yangu mkubwa, ananikamilisha, ananielewa. Kila mmoja humsikiliza mwenzake na kumfuata, kwa adabu. Mimi huwapa maswali kwa maandishi, kila mmoja peke yake, na huomba wasionyeshane hadi nitakapoyapokea yote mawili. Maswali yenyewe ni ya matendo. Ni lini mara ya kwanza ulijikuta unafanya jambo fulani kama mtu aliyekwisha kuoa au kuolewa? Mkigombana, nini hutokea baadaye? Na lile ambalo huzaa zaidi kuliko mengine yote: mngeweza kuendelea kama mlivyo, ndoa itabadilisha nini?

Niwaeleze wawili ambao mambo yao madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike. Walikuwa wameishi pamoja miaka sita. Bibi harusi alijibu kwa mistari michache tu. Aliandika kwamba tangu aanze kazi, kila fomu iliyomtaka jina la mtu wa kupigiwa simu akipatwa na jambo, aliandika jina la kaka yake, hata baada ya kuhamia kwa mwenzake. Kisha siku moja, akijaza fomu ya kawaida kabisa, akakuta ameandika jina la mwenzake bila kufikiri. Alisema hapo ndipo alipojua kwamba angekubali akiombwa.

Bwana harusi aliandika kurasa nzima. Karibu zote zilihusu wazazi wake, ambao katika utoto wake walitengana na kurudiana mara kadhaa, na jinsi alivyojifunza kusikiliza, kila walipogombana usiku, kama kuna mtu anayevuta begi kutoka juu ya kabati. Mwishoni aliongeza sentensi moja: kwamba kwake ndoa ni kujua kwamba katika nyumba yao, hata wakigombana, hakuna atakayetafuta begi.

Majibu hayo hayakufanana hata kidogo, na hilo halikunisumbua. Mfungishaji asiyezoea hujaribu kuyayeyusha kuwa maana moja ya pamoja, na anayoipata huwa ni ile ile ya kila harusi. Tofauti yenyewe ndiyo habari: mmoja anaiingia ndoa kama jambo ambalo tayari limetokea na sasa linatambuliwa, mwingine anaiingia kama ulinzi dhidi ya jambo analoliogopa. Mtu anaweza kuyasoma yote mawili, kila moja kwa jina la mwenyewe, na kuyaacha yasimame pamoja.

Kilichonisumbua ni wazazi. Wangekaa safu ya mbele, na kile ambacho mtoto wao aliniandikia faraghani kingewafikia mbele ya watu wote, kwa sauti ya mgeni. Jibu alilopewa mfungishaji si ruhusa ya kulitangaza, hata kama mwenyewe hakuweka sharti lolote. Niliwatoa wazazi kabisa nikabakiza begi. Kisha niliwatumia wote wawili andiko kamili, kwa sababu ingawa watu wengi hupenda ahadi zao zibaki siri hadi siku yenyewe, maneno ya ufunguzi hayapaswi kumshtua yeyote kati yao. Bwana harusi alinipigia simu akaomba neno moja tu libadilishwe: mahali nilipoandika kwamba hakuna atakayeondoka, alitaka iwe hakuna atakayetafuta begi, kama alivyoandika mwenyewe. Alikuwa na haki. Kuondoka kunaweza kumaanisha kutoka nje kupunga hewa. Begi ni jambo jingine.

Andiko lilipokamilika, nikiondoa majina, lilisomeka hivi:

"Karibuni nyote. Wawili hawa hawakuja hapa kuanza maisha pamoja. Waliyaanza miaka sita iliyopita, na wengi wenu mmeshakula mezani kwao. Nilipowauliza kwa nini wanaoana sasa, hawakunijibu kwa namna moja. Bibi harusi alisema kwamba kwa miaka mingi, kila fomu iliyomuuliza apigiwe simu nani akipatwa na jambo, aliandika jina la kaka yake. Siku moja aliandika jina jingine bila kufikiri, na kwake ndoa ni kuyasema kwa sauti, mbele yenu, yale aliyoyaandika siku ile. Kaka yake yupo hapa, na ameniambia kwamba hana kinyongo. Bwana harusi alisema kwamba kwake ndoa ni uhuru wa kukorofishana bila hofu, kwa kuwa katika nyumba yao hakuna atakayetafuta begi. Kabla hawajaahidiana, sheria inanitaka niwakumbushe jambo moja zito."

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Inawaambia wageni kwamba sauti inabadilika, kwamba yaliyotangulia ni ya maharusi na yanayofuata ni ya sheria. Bila mshono huo, tamko husikika kama kipande kilichoangukia mahali pasipo pake. Angalieni pia kwamba hakuna ahadi yoyote ndani ya andiko. Ni rahisi sana kuteleza hapa, ukasema kwamba kuanzia leo atamtunza na kumsikiliza, na maharusi wanapofika kwenye ahadi zao wanakuta zimekwisha kutamkwa na mtu mwingine. Ufunguzi unaeleza kwa nini wamefika. Watakachofanya ni chao kukisema.

Kuhusu urefu sina mengi. Andiko hilo, likisomwa bila haraka, halimalizi dakika mbili, na mimi huona dakika tatu ni ukomo, kwa sababu maharusi wamesimama, mikono inatoka jasho, na hawasikii vizuri kinachosemwa baada ya hapo. Lisomwe kwa sauti nyumbani kabla ya siku yenyewe, maana sentensi iliyokaa vizuri kwenye karatasi mara nyingi humkata pumzi msomaji.

Wapo pia maharusi wasiotaka kujibu maswali yoyote. Wengine ni wasiri, wengine wameshaeleza mambo yao kwa watu wengi kiasi cha kuchoka, na wengine wanaona kwamba maana ya ndoa yao haimhusu mtu mwingine. Mimi huwakubalia bila kubembeleza, na siwatungii maana ya kujaza nafasi. Kwao nasema karibuni, nawataja mashahidi wawili kwa majina, nawashukuru waliosafiri, kisha naingia moja kwa moja katika tamko la sheria.