Panga Tano katikati ya Sarafu: jirani anapunguza nini hasa?

Wifi yangu alitaka kufungua duka la pili na mwenzake wa zamani, wakati huo walikuwa washaanza kurushiana maneno kuhusu nani kaweka hela ngapi, akaniambia hebu nitandikie kadi tatu tu za taroti. Nikatandika. Kushoto Sarafu Nane, katikati Panga Tano, kulia Sarafu Kumi. Dada mmoja aliyekuwepo, naye anasoma taroti, akasema duh, Panga Tano imekaa vibaya, imezungukwa na maadui pande zote, hapo ugomvi utakuwa mbaya mara mbili. Mi nikasoma kinyume kabisa: ugomvi upo ila umebanwa, hauna nguvu ya kuangusha duka. Kadi zile zile, kanuni ile ile ya elementi, yaani moto, maji, upepo na udongo, majibu mawili yanayopishana kama magari kwenye daraja jembamba. Wifi akabaki anatuangalia tu.

Tatizo halikuwa macho yetu. Tatizo liko ndani ya kanuni yenyewe.

Hii habari ya kadi jirani kupeana au kunyimana nguvu tumeipata kwa wale watu wa Golden Dawn, jumuiya ya siri iliyoanzishwa London mwaka 1888. Wao waliipa kila seti elementi yake: Fimbo moto, Vikombe maji, Panga upepo, Sarafu udongo. Halafu wakasema hivi, kadi za seti moja zikikutana zinaongezeana nguvu sana, moto na maji ni maadui, upepo na udongo ni maadui, zilizobaki zote ni marafiki. Basi, ndo kanuni nzima hiyo, unaweza kumfundisha mtu wakati chai inachemka.

Na haikutoka hewani. Sisi wa pwani tunaijua kwa jina jingine, wazee wa tiba na falaki wanasema hari, baridi, yabisi na rutuba, na ukienda kuulizia nyota za bwana na bibi kama zinapatana mtu wa kwanza atakuuliza ya moto au ya maji. Mzizi ni ule ule wa Wayunani uliopita kwa Waarabu. Moto una hari na yabisi, upepo hari na rutuba, maji baridi na rutuba, udongo baridi na yabisi. Sasa angalia, moto na upepo wanagawana hari, maji na udongo wanagawana baridi, moto na udongo wanagawana yabisi, upepo na maji wanagawana rutuba. Ila moto na maji hawana hata kimoja wanachogawana, upepo na udongo vile vile. Kwa hiyo uadui hapa maana yake ni kukosa kitu cha pamoja, na urafiki ni kuwa na kitu kimoja cha kushikia. Ukishaelewa hivi huna haja ya kukariri jedwali.

Sasa kadi tatu zinasomwaje. Ya katikati ndo mwenye nyumba, za pembeni ni majirani. Watu wengi wanakosea hapa kwa kukimbilia kuangalia kila jirani na mwenye nyumba. Anza na majirani wenyewe kwa wenyewe. Kama wao wawili ni maadui, tuseme kushoto Fimbo na kulia Kikombe, basi wanashughulikiana wao, ya katikati haiguswi sana, inabaki na nguvu yake ya kawaida. Kama wanapatana, au ni seti moja, ndo unakuja kuuliza wanamfanya nini wa katikati. Kwa wifi majirani wote wawili ni udongo, wanasukuma upande mmoja, na Panga Tano ni upepo, kwa hiyo inabanwa kushoto na kulia. Laiti kulia ingekuwa Fimbo Kumi badala ya Sarafu Kumi, hadithi inabadilika, moto ni rafiki wa udongo na ni rafiki wa upepo pia, kwa hiyo anakuwa mshenga katikati yao, anapunguza ule uadui na Panga inabaki na nguvu ya kutosha. Na Fimbo Kumi ni kadi ya mzigo, kwa hiyo ugomvi ungekuja na mzigo wake juu. Hiyo ya mshenga mi naona ndo sehemu tamu kuliko zote na ndo inayosahaulika zaidi, mtu anaona adui mmoja tu anaanza kulia.

Haya, turudi kwenye ugomvi wetu na yule dada. Kubanwa maana yake nini, kupungua nguvu au kuharibika tabia?

Upande wake una hoja nzito, sitaki kudanganya. Ukisoma maelezo ya kadi ya wale wale Golden Dawn, hasa kadi za watu, utakuta wameandika kwamba Malkia wa Fimbo akikaa vizuri ni hivi na akikaa vibaya ni mkaidi, mwenye kisasi, mtawala kupita kiasi. Yaani majirani wabaya hawampunguzii sauti, wanamgeuza tabia. Na wengi waliorithi mfumo huu waliacha kabisa kugeuza kadi juu chini, wakasema elementi zinatosha kufanya ile kazi. Sasa kama kazi ya kadi iliyogeuzwa ilikuwa kuonyesha upande mbaya, na elementi zimechukua kiti hicho, kwa nini Panga Tano kati ya maadui isiwe upande wake mbaya? Dada hakubuni, kuna maandishi nyuma yake.

Ila maandishi hayo hayo yanasema pia, wanapoeleza kanuni yenyewe, kwamba kadi inaongezewa au kupunguziwa nguvu kwa wema au kwa ubaya kulingana na asili yake. Hapo ndo mi nasimama. Kadi yenye asili mbaya ikipunguziwa nguvu, ubaya ndo unaopungua. Panga Tano kwao jina lake ni Kushindwa, na kwenye ile pakiti maarufu ya kadi iliyochorwa na Pamela Colman Smith mwaka 1909 unamwona jamaa kashika panga tatu anachekelea, mbili ziko chini, wenzake wawili wanaondoka vichwa chini. Ukiniambia hiyo picha imepoozwa, mi nitafurahi. Ukiniambia imepoozwa kwa hiyo imekuwa mbaya zaidi, utanieleza zaidi ya mbaya hapo ni nini.

Na kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji kuamini chochote, chukua zile kadi 56 za seti nne peke yake, weka moja mezani, zimebaki 55. Kati ya hizo 13 ni za seti yake, 28 ni za marafiki, 14 tu ni za adui. Kwa maana hiyo jirani yeyote unayemtoa ana karibu robo tatu ya nafasi ya kuongeza nguvu, robo tu ya kupunguza. Sasa kama kuongeza nguvu ndo kukaa vizuri na kukaa vizuri ndo habari njema, basi mfumo wako umeegemea upande wa habari njema kabla hujachanganya kadi, kila mteja ataondoka anatabasamu. Ukiuchukua kama kitufe cha kupandisha na kushusha sauti haina shida, maana Panga Kumi na Panga Tisa nazo zinaongezewa sauti kwa wingi ule ule, na hapo hakuna anayetabasamu.

Kwa kadi za watu nampa dada haki yake kidogo. Malkia wa Fimbo hana asili moja mbaya au nzuri, ni mtu, na mtu aliyebanwa na Vikombe kushoto na kulia kweli anaweza kuwa mkali, moto unaomwagiwa maji unafuka moshi. Hapo kusoma tabia badala ya sauti kuna mantiki. Ila kwa kadi za namba, hapana.

Wapo pia wanaosema achana na mambo yote haya, soma picha. Na kwa mpangilio wa kadi kumi wa mtindo wa msalaba, mi nakubaliana nao nusu, maana pale kila nafasi ina jina lake, hii yaliyopita, hii hofu yako, hii nyumbani kwako, sasa jirani wa nani ni nani? Kanuni ya elementi ilitengenezwa kwa kadi zilizopangwa mstari, zina kushoto na kulia. Ukiilazimisha kwenye msalaba unaanza kuchagua majirani kadri jibu linavyokupendeza, na ukishafika hapo hakuna kinachokuzuia. Dalili yake ni rahisi, ukijikuta unabadilisha nani ni jirani baada ya kuona kadi, ushaacha kusoma, unajitungia.

Shida nyingine ambayo siwezi kuimaliza ni zile kadi kubwa 22 zisizo na seti. Kumi na mbili zina buruji, kwa hiyo elementi iko wazi, Mfalme Mkuu ni Kondoo basi moto, Kifo ni Nge basi maji. Tatu zimepewa elementi moja kwa moja, Mpumbavu upepo, Aliyening'inizwa maji, Hukumu moto. Zinabaki saba za sayari na hapo ndo watu wanapigana. Mnara ni Mirihi, moto, hakuna anayebisha sana. Lakini Malkia Mkuu ni Zuhura, wengine wanamweka udongo wengine maji. Gurudumu ni Mushtari, wengine moto wengine maji, yaani pande mbili za uadui kabisa! Gurudumu likikaa kati ya Fimbo mbili, kwa huyu limepanda juu, kwa yule limezimwa. Mi nimeamua Zuhura udongo, Mushtari moto, nimeandika nyuma ya daftari na sibadilishi katikati ya usomaji hata jibu likiniudhi.

Wifi, kwa taarifa, siku ile hakutumia usomaji wa mtu yeyote. Alichukua picha ya zile kadi kwa simu, akasema mkishakubaliana mniite.