Mtahini mkali katika mazoezi ya utetezi wa tasnifu ya haki za ardhi: anajenga au anabomoa?

Tuchukue tasnifu ya kubuni ya shahada ya uzamili, yenye dai kwamba hati ya kumiliki ardhi humfanya mkulima awekeze zaidi shambani mwake. Mtafiti amehoji kaya 120, nusu zikiwa na hati na nusu hazina, akakuta kwamba wenye hati wamepanda miti ya kudumu mingi zaidi. Majuma mawili kabla ya utetezi, wenzake wanaunda jopo la majaribio, na mmoja wao anapewa kazi ya kuwa mtahini asiyeridhika na lolote.

Swali lake la kwanza ni hili: "Umejuaje kwamba hati ndiyo iliyoleta miti, na si miti iliyoleta hati?" Linasikika kama ubishi mtupu, lakini tasnifu nzima imesimama juu yake. Mwaka 2002, Brasselle, Gaspart na Platteau walichapisha utafiti wao wa Burkina Faso ulioonyesha kwamba wakulima huwekeza ili waimarishe haki zao, kwa hiyo mshale wa sababu unaweza kuelekea upande wa pili. Anayepanda mti anawatangazia majirani kuwa shamba lina mwenyewe. Isitoshe, mwenye fedha za kumlipa mpima ardhi mara nyingi ndiye mwenye fedha za kununua miche.

Mtahiniwa anajibu kwamba alitumia sampuli nasibu. Jibu hilo halikugusa swali, kwa sababu unasibu wa sampuli unaeleza jinsi kaya zilivyochaguliwa kuhojiwa, wala hausemi chochote kuhusu jinsi zilivyopata hati. Rafiki mpole angeitikia kwa kichwa na kuendelea na swali linalofuata, na hapo ndipo hoja ya wanaotetea ukali inapopata nguvu.

Katika duru ya pili mtahiniwa anakimbilia utafiti wa Galiani na Schargrodsky wa mwaka 2010. Katika viunga vya Buenos Aires, mwaka 1981, familia zilivamia eneo zililodhani ni la serikali, kumbe lilikuwa na wamiliki binafsi 13. Sheria ya mwaka 1984 ilitwaa ardhi hiyo kwa fidia ili wakaazi wapewe; wamiliki 8 walikubali, 5 wakaenda mahakamani. Basi familia moja ilipata hati na jirani yake akakosa kwa sababu ya uamuzi wa mtu ambaye wao hawakuwa na mamlaka juu yake. Waliopata hati waliboresha nyumba zao, ingawa mikopo iliongezeka kidogo tu. Mtahini anamwacha amalize, kisha anauliza: "Na kwako, nani aliamua nani apate hati?" Mtahiniwa ananyamaza, maana kwake waliamua waombaji wenyewe.

Mpaka hapo ukali umefanya kazi. Tatizo linaanza katika duru ya tatu, mtahiniwa anapokuja na jibu zuri. Dodoso lake liliuliza mwaka wa kupanda miti na mwaka wa kupata hati, na kati ya kaya 60 zenye hati, 41 zilipanda baada ya kuipata. Anasema hilo linapunguza uwezekano wa miti kuleta hati, lakini haliondoi suala la uwezo wa fedha, hivyo anadai uhusiano tu, hadai sababu. Huwezi kutoa jibu bora kuliko hilo kwa data za namna hii. Hata hivyo mtahini wa majaribio, kwa kuwa aliagizwa asiridhike, analikataa kwa sauti ileile aliyolikatalia lile la sampuli nasibu. Mtahiniwa anaondoka akiamini kwamba kukiri mipaka ni kushindwa, na siku ya utetezi atarudi kung'ang'ania dai ambalo data zake haziwezi kulibeba. Kwa maoni yangu madhara haya ni makubwa kuliko yale ya woga, ambayo ndiyo hulalamikiwa zaidi.

Kwa hiyo mimi naunga mkono ukali wenye kikomo: kabla ya kikao, mtahini aandike kando ya kila swali jibu ambalo litamtosha, pamoja na ukurasa wa tasnifu uliolizaa. Swali lisilo na ukurasa kwa kawaida limetoka kwa mtu ambaye hakusoma. Mtahini aliyesoma angefika kwenye kiambatisho cha dodoso na kuona kwamba maswali yote yalielekezwa kwa mkuu wa kaya, kisha angeuliza ni hati ngapi kati ya 60 zina jina la mke. Kama jambo hilo halikuulizwa nyanjani, jibu la kutosha ni kusema hivyo na kueleza ni hitimisho gani linalodhoofika.

Nakala ya tasnifu tayari iko mikononi mwa watahini, hivyo neno "huongeza" lililo katika ikisiri, ambalo linadai kuwa hati ndiyo sababu ya uwekezaji, haliwezi tena kufutwa. Linaweza kusahihishwa na mtahiniwa mwenyewe katika dakika za mwanzo za wasilisho lake, kabla mtu hajamuuliza.