Hela ya simu ni hewa? Nusu kweli, nusu hapana

"Nimempa wakala 10,000, nikamtumia dada 4,000, katoa huko aliko. Sasa noti yangu ilifikaje kwake?"

Haijafika. Iko bado kwenye droo ya wakala uliyempa, na ndo hapo watu wanaposema hii kitu ni hewa, namba tu kwenye skrini. Namba ni kweli, ila haziokotwi tu.

Chukua wakala mwenye floti 100,000 kwenye simu na keshi 50,000 kwenye droo. Unampa 10,000, floti yake inashuka mpaka 90,000, droo inapanda mpaka 60,000, na salio lako linasoma 10,000. Jumla yake bado 150,000 ile ile! Kumbe hajakutunzia hela, kakuuzia floti yake. Na floti yenyewe haikuzuka, mtu alitangulia kupeleka hela halisi benki, kwenye akaunti ya dhamana inayotakiwa iwe sawa na jumla ya salio zote za kwenye simu. M-Pesa ilivyoanza Kenya 2007 ilisimama juu ya akaunti ya namna hiyo.

Sasa ukimtumia dada 4,000 (ada tuiache kwanza), mtambo unapunguza kwako unaongeza kwake, basi. Kule benki hakijaguswa kitu. Dada akienda kutoa, wakala wa huko anampa noti za kwenye droo yake mwenyewe, floti yake inapanda 4,000 droo inashuka 4,000. Ndo maana utaambiwa "sina floti" na droo unaiona imejaa manoti, wewe unataka kuweka na simu yake imekauka, mpaka apeleke hizo noti akanunue floti nyingine. Watu wanamgombeza bure jamani.

Wanaoogopa nao wasichekwe lakini. Noti unamkabidhi mtu unamwona, huku tarakimu moja tu ukikosea hela iko kwa mtu usiyemjua. Ikiwa bado ni salio kwake, kampuni inaweza kuizuia na kuirudisha, akishaitoa imeshageuka noti mfukoni na mtambo hauna mkono wa kufika huko. Kwa hiyo soma jina linalotokea kabla hujabonyeza namba ya siri, na ukikosea piga huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Halafu meseji. Meseji ni risiti tu, hela haimo mle. Mi niliwahi kupokea moja imeandikwa vizuri kabisa "umepokea", dakika mbili jamaa anapiga kakosea namba, nimrudishie. Nikaingia kwenye menyu nikaangalia salio, lile lile la asubuhi. Ningerudisha, ingetoka ya kwangu.