Elfu hamsini ya mahafali: jumla iko sawa, kigawanyo ndicho kina shida

"Wazazi wenzangu wa darasa la saba, salaam. Mahafali ya watoto wetu ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti, hapo hapo shuleni. Makadirio ni haya: chakula na vinywaji, sahani 150 kwa 9,000, ni 1,350,000, majoho 64 ya kukodi kwa 7,500 ni 480,000, turubai, viti na mapambo 450,000, muziki na mshereheshaji 350,000, picha na video 300,000, keki 200,000, dharura 70,000. Jumla 3,200,000. Watoto ni 64, kwa hiyo kila mzazi 50,000. Tuma kwenye namba yangu kabla ya tarehe 10. Orodha ya waliolipa nitaiweka kwenye grupu kila Ijumaa. Mwakilishi wa darasa."

Nianze kwa kumpa mama huyu haki yake. Barua nyingi za michango huja na kiasi na tarehe tu, na anayeuliza fedha zinakwenda wapi huonekana mkorofi. Huyu ameweka bei ya sahani na bei ya joho, vitu ambavyo mzazi yeyote anaweza kuviulizia mtaani akajua kama amepigwa. Halipwi kwa kazi hii, na siku ya mahafali soda zikipungua lawama zitamshukia yeye. Tena nimejumlisha mara mbili, jumla iko sawasawa.

Ila mstari wa dharura ulinifanya nitabasamu. Sherehe ya milioni tatu na ushee haitengewi dharura ya 70,000. Kiasi hicho hakitoshi hata kuongeza sahani nane. Bila shaka alijumlisha vingine vyote akapata 3,130,000, akaona vikigawanywa kwa 64 vinaleta shilingi 48,906 na senti zake, akasogeza mpaka ikawa elfu hamsini kamili. Si wizi, ni kurahisisha kutuma. Lakini maana yake ni kwamba bajeti hii haina akiba.

Na akiba itahitajika, kwa sababu amegawanya kwa 64 kana kwamba wote 64 watalipa. Chukulia robo wasilipe. Zitaingia 50,000 mara 48, yaani 2,400,000, na pengo ni 800,000.

Hapo ndipo huzuka kauli ya "asiyechangia, mwanawe asije", na wanaoisema si watu wabaya. Wanauliza swali la haki: kwa nini mimi niliyejibana nimlipie aliyekaa kimya? Basi tuwafuatishe kwa hesabu. Ukiwaondoa watoto 16 unaokoa majoho 16, ambayo ni 120,000. Sahani 150 zinaonyesha kila mtoto amepangiwa mzazi mmoja, na 22 zinazobaki ni za walimu na wageni. Kwa hiyo unaokoa pia sahani 32, sawa na 288,000. Jumla umeokoa 408,000. Pengo bado lina 392,000! Umewaacha watoto 16 nyumbani siku wenzao wanavaa majoho, na fedha bado hazijatosha.

Sababu ni kwamba katika ile elfu hamsini, joho na sahani mbili ni 25,500 tu. Karibu yote iliyobaki ni turubai, muziki, video, keki na ile dharura, na vitu hivyo havishuki bei kwa sababu watoto wamepungua. Mwenye turubai hatakata kona moja akakupunguzia.

Tena fedha za vitu hivyo ndizo hutoka mapema. Mwenye muziki na mwenye turubai hutaka kianzio wiki kadhaa kabla, ilhali mpishi hupewa idadi kamili siku chache kabla ya shughuli. Upungufu ukijitokeza, mahali pekee palipobaki pa kukata ni kwenye sahani. Umewahi kufika mahafali penye mapambo ya kung'aa na spika kubwa kama kabati, halafu pilau unaitafuta nyama kwa kijiko? Kamati ilikwisha kulipa kianzio.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi, kwa maoni yangu, ingawa huitamka vibaya. Shule yetu ni ya serikali. Elimumsingi bila malipo ilianza kutekelezwa Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za umma za msingi na sekondari, akakataza mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Wazazi kadhaa wanaona barua hii ni mchango ule ule uliopitia mlango wa nyuma. Hapo siwafuati moja kwa moja. Wazazi kukubaliana kuwafanyia watoto wao sherehe si sawa na shule kudai fedha za dawati. Tofauti hiyo lakini inasimama tu kama kutolipa hakumgharimu mtoto chochote, na barua haisemi hivyo popote. Neno "hiari" halimo. Badala yake ipo orodha ya kila Ijumaa.

Kuhusu orodha hiyo nimebadilisha mawazo mara mbili. Ina faida ya kweli: ukiona jina lako na 50,000 mbele yake, umepata ushahidi kwamba fedha zilifika, na mwakilishi amejikinga. Pia, tusidanganyane, aibu inakusanya haraka kuliko ukumbusho. Lakini orodha ya waliolipa ni orodha ya wasiolipa kwa anayejua kuhesabu, na watoto hushika simu za wazazi. Njia ya katikati ipo. Kila anayelipa apewe namba ya risiti faraghani, na kwenye grupu ziwekwe namba na kiasi bila majina. Unaiona yako, ya jirani huijui. Fedha zenyewe zishikwe na watu wawili. Zikikaa kwenye namba yake binafsi zitachanganyika na hela ya mboga, makato ya kutoa hayamo kwenye bajeti, na siku akiugua sherehe imeugua naye.

Mimi ningepanga kwa 2,400,000 tangu mwanzo na kuwaweka watoto wote 64 ndani. Chakula na majoho, 1,830,000, visiguswe. Zinabaki 570,000 kwa mengine yote. Keki iondoke. Mpiga picha aje bila kulipwa na awauzie picha wazazi wanaozitaka, kama wengi wanavyofanya kwenye shughuli hizi. Viti vitoke madarasani, mapambo wafanye watoto wenyewe, turubai tupu litafutwe la 250,000, na muziki wa 250,000 usio na spika za kabati. Dharura inabaki ile ile 70,000. Wakilipa zaidi ya 48, keki inarudi, na baada yake video.

Watakaopinga watasema darasa la saba halirudiwi na video ndiyo kumbukumbu. Ni kweli, na anayeiona ina thamani hiyo anaweza kuilipia mwenyewe pembeni. Nisichokubali ni kumwekea gharama ya video mzazi aliyekubali sahani na joho.

Nimeshamjibu mwakilishi faraghani, na nimetuma elfu hamsini yangu. Nimemwomba aongeze mistari miwili kwenye barua ya pili: kwamba kila mtoto wa darasa atavaa joho na kula, na kwamba fedha ikibaki tutaambiwa kiasi gani na imekwenda wapi. Wa pili ameukubali hapo hapo. Wa kwanza amesema ataupeleka kwenye kamati.