Mama mkwe kaflashi mimi nimeinamia chemba

Shemeji kajenga choo kipya cha wageni, tangu siku hiyo kile kishimo cha maji ya jikoni pale nje kinabubujika na kutapika makaratasi, yaani vitu ambavyo jikoni havijawahi kupita. Mafundi wamekuja wakasukuma fimbo wakaondoka, wote wanasema bomba limeziba.

Mi nikaanza na mifuniko. Nikafungua chemba ya kwanza na ile inayofuata chini yake, nikaacha gesi itoke kwanza. Ingekuwa ya juu imejaa na ya chini kavu, basi kizibo kiko katikati yao, hapo fimbo ni halali. Lakini nikamwaga ndoo juu na chini maji yakafika vizuri tu, na slopu ya bomba la inchi 4 ilikuwa sentimita 2 na nusu kwa kila mita, safi kabisa. Kumbe ugonjwa uko ndani ya chemba yenyewe.

Nikainama nichungulie. Aisee! Sakafu flati kama meza, mfereji hamna, mavi yamekaa pembeni yanajipumzisha. Na fundi wa choo kipya katoboa ukuta, kaingiza bomba lake limetazamana uso kwa uso na bomba la jikoni! Nikawa nasogeza kichwa nipime hiyo pembe vizuri, nasikia huko ndani mtu kaflashi. Mzigo ukaruka chemba nzima, nusu ukaingia bomba la jikoni, nusu ukanipata mimi shavuni.

Dirisha la choo likafunguka, mama mkwe huyo.

"Mwanangu, kwema huko?"

Unajibu nini sasa? Nimefumba jicho moja, nikasema "shikamoo mama, kwema tu, nimeshaona tatizo."

"Marahaba baba. Pole na kazi."

Kesho yake tukabomoa. Nikalaza nusu bomba katikati iwe mfereji kuanzia linapoingia bomba kuu hadi linapotokea, halafu lile la choo nikalipa kona limwage kwa kufuata mkondo, sio kuukata wala kupigana na mwenzake, la jikoni nalo hivyo hivyo. Pande zote nikapandisha zege wima mpaka usawa wa mgongo wa bomba, ndo zege nikalilaza kuelekea mfereji, sentimita 1 kwa kila 12, nikapiga nili likateleza. Hayo mabega ya zege watu wanayaruka wakidhani ni urembo, wakati bila hayo kila kinachorushwa pembeni kinabaki pembeni.

Sementi iliposhika nikaita watu tujaribu, nikamwomba mama mkwe kwa heshima zote aingie aflashi. Akakataa katakata.

"Nenda wewe ukaflashi, safari hii mimi ndo nachungulia."

Sasa hebu niambie, mi ntaflashije?