Ubavu wa Ramani: Kupima Njia ya Bagamoyo hadi Unguja

Nilipoanza kufundishwa ramani ya bahari, mzee aliyenifundisha alinipa bikari na kuniambia nipime kutoka Bagamoyo hadi Mji Mkongwe. Nikaifungua bikari, ncha moja hapa na nyingine pale, halafu nikaishusha kwenye mizani ya chini ya karatasi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wangu. Jibu lilikuwa sahihi. Mzee akalikataa.

"Mwanangu, chini hapo hapapimwi," akasema. "Rudi ubavuni."

Nilimwona mkali bure, kwani nilipopima ubavuni nilipata jibu lile lile. Leo nipo upande wake kabisa, na naandika haya kwa sababu nawaona vijana wengi wa boti wakipima chini kama nilivyopima mimi.

Ubavuni mwa ramani, kushoto na kulia, pameandikwa latitudo kwa digrii na dakika. Dakika hizi si za saa. Ni sehemu ya 60 ya digrii moja. Duara linalopita ncha zote mbili za dunia lina digrii 360, yaani dakika 21,600, na urefu wake ni kilomita 40,000 hivi. Gawanya, utapata kilomita 1.85 kwa kila dakika. Hiyo ndiyo maili ya bahari, ambayo kwa makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1929 ni mita 1,852. Maana yake ni kwamba rula yako imeshachapwa ubavuni mwa karatasi, na huhitaji nyingine.

Mizani ya chini inaonyesha longitudo, na mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Kwetu, kwenye latitudo ya digrii 6 kusini, kukaribiana huko hakujafika mbali, ndiyo maana bikari haioni tofauti. Lakini kijana wa Unguja akipata kazi ya boti Maskati, ambako latitudo ni digrii 23 na nusu, mazoea yale yatamponza. Maili 20 za kweli zitasomeka karibu 22 akipima chini, naye hatajua kosa limetoka wapi. Hata ubavuni kwenyewe, pima mkabala na mahali unapopita, kwa sababu kwenye ramani inayoshika eneo kubwa dakika huchorwa ndefu zaidi kadiri unavyoiacha ikweta.

Sasa tuivuke njia yenyewe. Tuanzie nje kidogo ya Bagamoyo, takribani 6°26' kusini na 38°55' mashariki, tumalizie mbele ya Shangani, ufukweni mwa Mji Mkongwe, takribani 6°10' kusini na 39°11' mashariki. Tunapanda dakika 16 kaskazini na dakika 16 mashariki. Piga mstari, weka bikari, peleka ubavuni: maili 22 na nusu na kidogo. Kwa kuwa pande zote mbili ni 16, mstari unaelekea kaskazini-mashariki barabara, digrii 045.

Mashine ikienda noti 6, yaani maili 6 kwa saa, hesabu ya haraka inasema saa 3 na dakika 45 hivi. Hapo ndipo wengi huikunja ramani wakawasha mashine, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Mstari ule umechorwa kwenye karatasi, na karatasi haina mkondo. Wakati wa kusi maji ya mwambao wetu husukuma kuelekea kaskazini. Tuseme siku hiyo yanakwenda maili moja tu kwa saa, mwendo ambao ukiwa ndani ya boti huuhisi hata kidogo. Ukishika 045 safari nzima, maji yatakuwa yamekupeleka karibu maili 4 kaskazini ya ulipokusudia. Weka maili hizo kwenye ramani uone: badala ya Shangani, unaingia katikati ya visiwa vya Bawe na Changuu, penye miamba.

Limewahi kunipata. Ilikuwa alfajiri, mwezi wa Juni, na Bawe, niliyotarajia kuiona mbali upande wa kushoto, ikawa iko mbele yangu. Maji yaligeuka kutoka buluu nzito hadi kijani cha majani machanga, na kwa chini nikaona weupe wa mchanga. Nilipunguza mashine, nikageuza kulia kwenda kusini. Hatukugusa, lakini abiria mmoja, mama mtu mzima, aliniangalia usoni akajua.

Dawa yake huchorwa kabla ya kuondoka, kwa bikari ile ile. Kutoka mahali pa kuanzia, chora mstari mfupi kuelekea kaskazini wenye urefu wa dakika moja ya ubavuni: huo ni mkondo wa saa moja. Fungua bikari kwa dakika 6, ambazo ni mwendo wako wa saa moja. Ncha moja iweke mwisho wa mstari wa mkondo, nyingine ikate njia yako ya 045. Unganisha pointi hizo mbili. Mstari uliopatikana ndio uelekeo wa kushika, nao unatoka 052, digrii 7 kulia ya Shangani. Kisha pima kutoka mwanzo wa safari hadi pale bikari ilipokata njia: karibu maili 6.7. Huo ndio mwendo wako halisi, na safari inakuwa saa 3 na dakika 24 hivi.

Kabla ya kumpa mshika usukani namba hiyo, tazama duara la dira lililochapwa kwenye ramani. Kaskazini ya sumaku haikai juu ya kaskazini ya ramani. Katika maji yetu imechepuka takribani digrii 3 magharibi, na mchepuko wa magharibi hujumlishwa. Basi kwenye dira ni 055.

Najua simu ina ramani na inachora mstari wenyewe. Mimi pia ninayo, naitumia. Lakini programu nyingi za simu zitakupa 045 na umbali, basi, mkondo haziujui. Zinakuonyesha umeshapotea njia baada ya kupotea. Kwa maoni yangu, nahodha yeyote anayebeba watu kwenye mkondo huu angepaswa kuonyesha mstari wake wa penseli kabla ya kung'oa nanga, na mkaguzi autazame kama anavyotazama maboya ya kujiokolea.

Simu naipa kazi nyingine baharini. Kwenye njia hii ya 045, dakika za latitudo zinazopungua zinatakiwa zilingane na dakika za longitudo zinazoongezeka. Baada ya saa moja nasoma namba. Nikikuta 6°21.3' na 38°59.7', zote zimesogea dakika 4.7, na mkondo ni ule niliouchora. Nikikuta latitudo imeshafika 6°20.8' huku longitudo ni ile ile, basi maji yananisukuma nusu maili zaidi kwa kila saa. Nafungua ramani tena gotini, naweka alama nilipo, nachora mkondo wa dakika moja na nusu, na kumwambia mshika usukani aongeze kulia.