Nyuzi za nyavu zisikatwe kwenye fungu la baharia

Ugomvi wa mgao katika vyombo vya dagaa pwani yetu huanza mara nyingi kwa swali la nusu kwa nusu. Baharia analalamika kwamba tajiri anachukua nusu nzima akiwa amelala nyumbani. Tajiri anajibu kwamba chombo, mashine na nyavu ni mtaji wake, na bahari ikiumeza hakuna baharia atakayemchangia. Nimekuwa karani wa vyombo vya nyavu za kuzungushia kwa muda wa kutosha kuona kwamba wote wawili wanagombania mahali pasipo na pesa. Pesa hupotea kabla ya nusu kwa nusu kufika, pale kwenye orodha ya gharama.

Kwa asiyeujua mgao wetu, nieleze kidogo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikikolea vyombo vinalala. Asubuhi samaki hupigwa mnada dikoni, dalali anachukua chake, ushuru unalipwa, kisha zinatolewa gharama za safari: petroli, oili na chakula cha watu. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Katika vyombo ninavyoviandikia nusu ni ya tajiri, yaani fungu la chombo, mashine na nyavu, na nusu ni ya watu. Kwingine wanahesabu mafungu matatu au zaidi, lakini msingi ni uleule.

Tuchukue usiku mmoja wa mfano. Chombo kimeleta ndoo 60, mnada umesimama kwenye shilingi 25,000 kwa ndoo, jumla 1,500,000. Dalali na ushuru 75,000. Petroli ya mashine lita 100, tuseme kwa 3,000, ni 300,000. Oili ya kuchanganya 25,000, mafuta ya jenereta ya taa 15,000, chakula 85,000. Ukitoa vyote unabaki na milioni moja kamili. Tajiri anapata 500,000, watu wanapata 500,000. Watu ni 23: nahodha ana mafungu mawili, mwendesha mashine na mtu wa taa fungu moja na nusu kila mmoja, mabaharia 20 fungu moja moja. Mafungu ni 25, na kila fungu ni 20,000.

Wapo wanaosema petroli ingepaswa kutoka kwa tajiri peke yake, kwa kuwa mashine ni yake. Inasikika kama huruma kwa baharia, lakini sikubaliani nao. Fikiria nahodha ameona huku maji hayana kitu, na anajua mahali pa mbali zaidi. Kwenda huko kutachoma petroli ya 60,000, na anatarajia nyongeza ya samaki wa 100,000. Gharama zikitolewa juu, yaani kabla ya kugawanya, faida ni 40,000 na kila upande unapata 20,000, kwa hiyo wote wanataka kwenda. Petroli ikiwa ya tajiri peke yake, yeye anapata 50,000 ya samaki na kulipa 60,000. Atamwambia nahodha arudi. Na nahodha asiyelipa petroli atazunguka mpaka alfajiri hata pale pasipo na maana. Kutoa petroli kabla ya mgao kunawafanya tajiri na watu wake watake kitu kimoja, na hiyo ndiyo sababu utaratibu huu umedumu.

Sharti lake ni kwamba petroli inayokatwa iwe ile iliyochomwa. Mashine ya nguvu ya farasi 40, zile za kuchanganya oili na petroli, ikisukumwa mpaka mwisho hunywa karibu lita 18 hadi 20 kwa saa. Lita 100 ni kama saa tano za mwendo wa nguvu zote. Chombo kilichotembea saa tatu kwenda na kurudi, kisha usiku kucha kikatia nanga karibu na taa, hakiwezi kumaliza lita 100. Zilizobaki ziko kwenye dumu, na usiku wa pili dumu hilohilo huandikwa upya kama limenunuliwa leo. Mimi huchovya fimbo kwenye madumu kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, mbele ya mwendesha mashine, na kinachobaki nakihamishia hesabu ya kesho. Kuna matajiri pia wanaonunua petroli kituoni na kuiuzia chombo chao wenyewe kwa bei ya dikoni, ambayo siku zote iko juu. Risiti ya kituo inamaliza mjadala huo. Nauli ya kuleta madumu iandikwe peke yake.

Sasa nifike kwenye nyavu. Usiku uleule wa ndoo 60, nyavu zimeshika mwamba na kuchanika. Tajiri amenunua nyuzi, vipande vya nyavu na maboya, jumla 200,000, naye anataka ziingie kwenye gharama pamoja na petroli. Zikiingia, kinachogawanywa ni 800,000, watu wanapata 400,000, na fungu linashuka kutoka 20,000 hadi 16,000. Tajiri anabaki na 400,000 mkononi na nyavu zimeshatengenezwa. Angelipia nyavu kutoka kwenye nusu yake, angebaki na 300,000. Hiyo laki moja ya tofauti imetoka mifukoni mwa watu 23, elfu nne kwa kila fungu, na hakuna aliyeiona ikitoka kwa sababu kila mtu alikuwa anaangalia kama nusu ni nusu kweli.

Ninasema haikupaswa kutoka hapo, na sababu ni moja tu: nusu ya tajiri ina jina. Tunaiita fungu la chombo, mashine na nyavu. Nyavu zimekwishalipwa humo ndani. Ukizilipa tena juu, baharia amezilipa mara mbili. Tena wanaoshona ni nani? Ni mabaharia walewale, mchana wa jua kali, wamekaa juu ya nyavu na sindano zao bila malipo yoyote. Wametoa kazi ya mikono, kisha wanakatwa nyuzi.

Kipimo ninachotumia ni kuuliza kitu hicho kesho kitakuwepo au hakitakuwepo. Petroli, oili na mkate vimeisha alfajiri, kwa hiyo ni vya safari na vinatoka juu. Nyavu, plagi, panga la mashine, mbao ya kuziba chombo, leseni ya mwaka, vyote vinabaki na mwenye chombo hata mabaharia wote wakihama kesho. Hivyo vitoke kwenye fungu la chombo. Nakiri kuna vya katikati. Globu ya taa, kwa mfano, inaweza kuungua usiku mmoja au kukaa mwezi. Hapo waelewane kabla, sitaki kujifanya nina hukumu ya kila skrubu. Kuhusu nahodha aliyepeleka nyavu mwambani kwa uzembe, wengine husema watu wote wachangie. Sioni kosa la baharia aliyekuwa anavuta kamba alipoambiwa avute. Tajiri ana shauri lake na nahodha, aliyempa mafungu mawili ili aijue bahari.

Kuna njia nyingine ya kuzipitisha nyavu juu, na hii haimo kwenye daftari kabisa. Tajiri hana pesa za nyavu mpya, anakopa kwa mnunuzi wa dagaa. Mnunuzi hadai riba. Anasema tu kwamba samaki wote waje kwake, na bei yake iko chini ya mnada. Mnada ukiwa 25,000, yeye anachukua kwa 22,000. Kwa ndoo 60 ni 180,000 zilizoyeyuka usiku mmoja, na karibu nusu yake ni ya watu. Mkopo ni wa tajiri, nyavu zitabaki kwa tajiri, lakini mabaharia wanarejesha deni kila asubuhi bila kuambiwa wana deni. Ukiuliza, unajibiwa kwamba bei imeshuka. Dawa yake ni kuandika bei ya mnada wa siku hiyo hapo dikoni, ile waliyouzia vyombo vingine kwa dagaa wa aina ileile, na kugawanya kwa bei hiyo. Pengo na mnunuzi libaki upande wa tajiri. Ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kulisema kwa tajiri yeyote, na silaumu makarani wanaolinyamazia, maana nao wameajiriwa.

Usiku mbaya una hesabu yake. Chombo kimerudi na samaki wa 300,000. Dalali na ushuru 15,000, gharama nyingine zilezile 425,000. Limebaki pengo la 140,000. Desturi ni kulibeba hadi usiku unaofuata, na mimi naiona ya haki, kwa sababu usiku huo ukibakiza milioni moja baada ya gharama zake, kinachogawanywa kinakuwa 860,000, fungu linakuwa 17,200, na hasara imebebwa nusu kwa nusu kama faida. Ninachopinga ni deni kuvuka mbalamwezi. Giza likiisha, mabaharia hutawanyika, wengine hawarudi, wapya wanakuja. Mpya anaanza kwa kulipia petroli iliyochomwa kabla hajakanyaga chombo. Mwisho wa giza hesabu ifungwe, na pengo lililobaki liwe la mwenye chombo. Baharia amekwishapoteza usiku wake wote bila kitu. Pesa ambazo mtu amekopa kwa tajiri kulisha watoto wakati wa mbalamwezi ni jambo tofauti, zinakatwa kwenye fungu lake mwenyewe na haziguswi kwenye hesabu ya wote.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2007 kuhusu kazi ya uvuvi, Na. 188, unataka makubaliano ya mvuvi yaandikwe, na kama analipwa kwa fungu, iandikwe pia njia ya kulihesabu fungu hilo. Dikoni kwetu makubaliano ni ya mdomo, na mdomo husema “nusu kwa nusu” na kuishia hapo. Kama kungeandikwa sentensi moja tu, ningechagua ile ya kutaja vinavyokatwa kabla ya nusu.

Tajiri mmoja alinijibu hivi: “Karani, nyavu zikitoka kwenye nusu yangu, biashara hainilipi. Nitafanya sitini kwa arobaini.” Nikamwambia afanye. Kwenye milioni moja watu watapata 400,000, fungu ni 16,000, sawasawa na ule usiku wa nyuzi. Akacheka, akasema kwa sitini kwa arobaini hatapata mabaharia, wote watahamia chombo cha jirani.